Kinyota Kisicho na Tanbihi

Kiwandani walimwita Bi Tanbihi, na yeye hakuona tusi lolote ndani ya jina hilo. Miaka ishirini na saba alikuwa amekaa kwenye meza ile ile ya uhasibu, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama uwanja ambako magodoro yalipangwa yakisubiri malori, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona nambari ikitoka mezani kwake peke yake. Kila nambari aliivika kinyota, na kila kinyota alikipa maelezo yake chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, zilizonyooka kama safu ya chungu. Nambari ikitoka bila maelezo, alikuwa akisema, watu wataivisha nguo wanazotaka wenyewe.

Tabia hiyo aliibeba hadi nyumbani. Mumewe, ambaye alikuwa fundi saa, alipotumwa sokoni alipewa orodha yenye vinyota. Sabuni, kinyota, na chini: ya mche, si ya unga, na ikikosekana usilete kitu badala yake. Mume alikuwa akianza kusoma kutoka chini. Huko ndiko mke wangu anakoongea, alisema. Huku juu anataja vitu tu.

Fundi saa huyu alikuwa na kibanda chenye upana wa mlango na nusu. Aliijua kazi yake vizuri mno, kasoro moja tu: watu walikuwa wameacha kuvaa saa. Wateja waliobaki walikuwa wazee wa heshima zao na mabwana harusi. Mshahara hakuwahi kuwa nao, pensheni hakuwahi kuwa nayo, na alilisema hilo bila haya. "Pensheni yangu ni huyu," alikuwa akiwaambia watu, akimwelekezea mkewe kidevu.

Kwa hiyo uzee wao wote wawili ulikuwa umewekwa mahali pamoja. Kanuni za kiwanda zilisema kwamba kila mwaka wa kazi unampa mtu sehemu moja ya sitini ya mshahara wake wa mwisho. Bi Tanbihi alikuwa na miaka hamsini na saba. Akifikisha sitini atakuwa na miaka thelathini ya kazi, sehemu thelathini kati ya sitini, yaani nusu ya mshahara kila mwezi mpaka afe. Akitangulia yeye, mumewe atapata nusu ya nusu hiyo.

"Kwa hiyo ukifa nitakula robo," alisema mumewe siku walipopiga hesabu hiyo.

"Robo ya mshahara," alimsahihisha. "Na hutakula, utapika kwanza."

Ahadi hiyo ilitolewa na Bosi Mkubwa, mwanzilishi wa kiwanda, enzi ambazo wafanyakazi walikuwa na adabu ya kufa mapema. Hakumtaka mtu yeyote ajue habari za hisa wala hatifungani. Wewe fanya kazi, alisema, la kukulisha baadaye nitalijua mimi. Kukawa na mfuko, kampuni ikatia fedha ndani yake, mfuko ukanunua hisa na majengo na karatasi za serikali, na mfanyakazi akalala usingizi juu ya godoro la kiwanda, alilouziwa kwa punguzo.

Aliyekosa usingizi alikuwa Bi Tanbihi. Kila Januari alikuja kijana mmoja mwenye mkoba laini, mtaalamu wa hesabu za bima, ambaye kiwandani walimwita Mpiga Ramli. Alikuwa akiuliza umri wa kila mtu, mshahara wake, unapanda kwa kasi gani, wangapi wataacha kazi, na wastaafu kwa kawaida wanaishi mpaka lini. Aliuliza hilo la mwisho kwa sauti ya upole, kama daktari, lakini watu walimkimbia ukumbini. Mwanamke mmoja wa idara ya ushonaji aliwahi kumwambia kwamba yeye ana mpango wa kuishi miaka mia na moja, aandike hivyo hivyo.

Mpiga Ramli alizichanganya habari hizo zote na kutoa nambari moja: ahadi zote za Bosi Mkubwa, kama zingelazimika kuwekewa fedha leo, zina thamani gani. Bi Tanbihi aliichukua nambari hiyo, akatoa kilichomo mfukoni, na tofauti akaiandika kwenye mizania pamoja na madeni ya kampuni. Mwaka uliopita ahadi zilikuwa milioni mia tisa. Mfuko ulikuwa na mia sita na themanini. Lilibaki tundu la milioni mia mbili na ishirini.

Tundu hilo lilikuwa na hulka yake. Hisa zikianguka, linapanuka. Riba za hatifungani zikishuka, linapanuka tena, hata kama hakuna aliyegusa kitu, kwa sababu fedha zikizaa kidogo, lazima ziwekwe nyingi zaidi leo ili zitoshe kesho. Na wastaafu wakikataa kufa kwa ratiba, linapanuka kwa mara ya tatu. Hapo ndipo alipokuwa Babu Lango.

Babu Lango alikuwa mlinzi wa geti zamani. Sasa alikuwa na miaka themanini na minane, na ingawa pensheni yake iliingia benki, yeye alikuja kiwandani kila mwezi, amevaa suti ya rangi ya maziwa, kuonyesha tu kwamba yupo. Bosi Mdogo, mtoto wa Bosi Mkubwa, akimwona anaingia getini akikanyaga imara, hukosa hamu ya chakula cha mchana. Mwaka uliopita Babu Lango alioa mke mwingine, mama wa miaka sitini mwenye afya tele, na kanuni za Bosi Mkubwa hazikuuliza ndoa ya mstaafu ilifungwa lini.

Januari iliyofuata Mpiga Ramli, aliposikia habari hiyo, aliweka kalamu chini. "Amefunga ndoa?"

"Harusi ilikuwa nzuri," alijibu Bi Tanbihi. "Nilikuwepo."

Ilikuwa katikati ya mwaka huo Bosi Mdogo alipotaka mashine mpya ya kumwaga povu. Ile ya zamani ilikuwa ikitoa magodoro yaliyovimba upande mmoja, na mafundi walikuwa wakiyauza kama magodoro ya watu wanaokoroma. Benki ilisoma vitabu vya kampuni, ikafika kwenye tundu, ikasimama hapo. Deni la kawaida tunalielewa, walimwambia. Lina kiasi na lina tarehe. Hili lenu kila mwaka linakuja na sura nyingine.

Bosi Mdogo akaenda kwenye semina ya siku tatu na kurudi amechangamka kama mtu aliyepona jino. Alikuwa ameupata mpango mpya. Kila mfanyakazi atakuwa na akaunti yake. Kampuni itatia asilimia kumi ya mshahara, mfanyakazi asilimia tano, meneja wa uwekezaji atazipanda fedha hizo huko anakozipanda, na siku ya kustaafu mtu atachukua kilichoota. Kampuni ikishatia asilimia kumi yake, imemaliza. Mpango wa zamani, kwenye karatasi, uliitwa mpango wa mafao yaliyoahidiwa, na huu mpya mpango wa michango maalumu. Kiwandani mipango hiyo iliitwa Ahadi na Kibubu kabla ya chai ya saa nne.

Bi Tanbihi, lazima isemwe, alifurahi kwanza. Tanbihi ya Ahadi kwenye vitabu vyake ilikuwa ya kurasa mbili: makisio ya riba, ya mishahara, ya vifo, mfuko umewekezwa wapi, nini kitatokea kama kisio hili au lile likikosea. Tanbihi ya Kibubu ingekuwa mstari mmoja: mwaka huu kampuni imechangia kiasi fulani. Mchango ni gharama ya mwaka, basi. Deni halipo, isipokuwa kama kuna mwezi haujalipwa. Mpiga Ramli angekwenda kuwatisha watu wengine. Kwa mhasibu, mpango huo ulikuwa kama nyumba ambayo mtu ameshaifagia.

Akaandika waraka kwa ajili ya bodi, akaupa vinyota sita. Tanbihi ya nne ilisema hivi: hatari ya uwekezaji, pamoja na hatari ya kuishi miaka mingi kuliko fedha, itahama kutoka kwa kampuni kwenda kwa mwanachama.

Bosi Mdogo aliisoma mara mbili, akaipenda. "Safi kabisa, mama. Hiyo ya nne usiipeleke kantini."

Maana mambo yalikuwa yaende kantini. Hati ya mfuko ilisema kwamba mpango haubadilishwi mpaka robo tatu ya wanachama wanyooshe mikono. Wanachama walikuwa themanini na wanne. Mikono iliyotakiwa, sitini na mitatu. Mkutano ukapangwa Ijumaa, na Bi Tanbihi akaagizwa aandae karatasi moja ya kugawiwa watu. Nambari kubwa, Bosi Mdogo alisema, na herufi ndogo hapana. Wewe wanakuamini.

Jioni ya Jumanne alipiga hesabu yake mwenyewe mezani nyumbani, mumewe akiwa upande wa pili na saa iliyofunguliwa tumbo. Miaka yake ishirini na saba ingegeuzwa kuwa fungu la kuanzia ndani ya kibubu. Likizaa asilimia tisa kila mwaka, kama Bosi Mdogo alivyotaka iandikwe, walikuwa salama. Likizaa nne, fedha zingeisha yeye akiwa na miaka sabini na minne.

"Halafu?" aliuliza mumewe.

"Halafu tuwe tumeshakufa."

Mume aliwaza kidogo, kibano kikiwa hewani. "Sawa. Nani anatangulia?"

Hawakucheka sana. Bi Tanbihi alikuwa mtu wa kulala fofofo na kula vizuri, na mama yake mzazi aliishi miaka tisini na mitatu. Alimwambia mumewe kwamba akisema hapana waziwazi, Bosi atajua. Na kwamba mashine isiponunuliwa, kiwanda chenyewe kinaweza kufa, na Ahadi yenye tundu la milioni mia mbili na ishirini ikibaki bila kampuni nyuma yake ni karatasi yenye kona nzuri. Mume alisema yeye anaelewa saa tu. Lakini alimwuliza kitu kimoja: kwenye hiyo karatasi ya Ijumaa, wewe utakuwa umeongea wapi?

Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alipopigiwa simu alishangaa wanahangaikia nini. Yeye alishahama kazi mara tatu, na kibubu chake kilikuwa kikimfuata kila anakokwenda. Chini ya Ahadi ya mtindo wa mama yake angekuwa ameacha vipande vya pensheni kila ofisi kama mtu anayesahau miavuli. Mama alikubali kwamba hilo ni kweli. Akaongeza kwamba binti ana miaka ishirini na tisa, hisa zikianguka leo ana muda wa kuzisubiri ziinuke. Binti akasema, basi mama, hiyo ndiyo hesabu.

Jumatano aliandika karatasi. Jedwali moja, mfano mmoja: mtu mwenye miaka ishirini mbele yake, michango ya milioni moja kwa mwaka, faida ya asilimia tisa, na mwishoni, kwa herufi kubwa kama kichwa cha ng'ombe, milioni hamsini na moja. Mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umeshaweka kinyota kwenye tisa na tanbihi chini. Aliitazama tanbihi. Kisha akaifuta, herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, akijisikia kama mtu anayevua viatu mbele za watu. Akachapisha nakala themanini na nne, akaenda nyumbani.

Alichokisahau ni kinyota. Alizoea kuviandika kwa pamoja, kinyota juu na maelezo chini, na baada ya miaka ishirini na saba alikuwa havioni tena vinyota, kama mtu asivyoiona pua yake. Maelezo yaliondoka. Kinyota kikabaki kando ya tisa, kidogo, kikining'inia.

Ijumaa saa nane mchana kantini ilijaa. Meza zilisogezwa ukutani, na magodoro ya maonyesho yakawekwa sakafuni kwa waliokosa viti, jambo lililofanya idara ya ukataji isikilize hotuba nzima ikiwa imelala chali. Bosi Mdogo alizungumza vizuri. Alisema zama za kuitegemea kampuni kama mtoto zimekwisha. Alisema kila mtu atakuwa bosi wa fedha yake. Alisema wastaafu wasiogope, wao watanunuliwa pensheni zao kwenye kampuni ya bima, na Bi Tanbihi akafikiria kimoyomoyo ile kampuni ya bima siku itakayomwona Babu Lango akipanda ngazi zake. Watu walipiga makofi. Karatasi zikapita mikononi, na milioni hamsini na moja ikaanza kuzungumzwa kwa sauti za chini: huyu akijenga, yule akinunua lori.

Msimamizi wa idara ya lebo hakupiga makofi. Walimwita Mama Lebo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kushona kwenye kila godoro kile kitambaa cheupe ambacho hakuna mnunuzi anayekisoma. Dhamana miaka kumi, kinyota. Na chini: kwa kulalia tu, si kwa kurukia, na si kwa godoro lililolowa. Wateja waliorudi kiwandani wakipiga kelele walishindwa mlangoni na kile kinyota, na aliyewaonyesha kwa kidole alikuwa yeye. Mtu wa namna hiyo haanzi kusoma karatasi juu. Alianza chini, akakuta peupe. Akapanda, mstari kwa mstari, mpaka kwenye tisa.

"Bosi, samahani," alisema akisimama. "Hapa kwenye asilimia tisa pana kinyota."

Bosi Mdogo akatazama karatasi yake. Akasema huo ni uchafu wa mashine ya kuchapisha.

Mama Lebo akachukua karatasi ya jirani yake wa kulia, na ya wa kushoto, na ya mtu aliyelala miguuni pake. "Uchafu wenye miguu sita, umekaa pale pale kwenye karatasi zote. Huu si uchafu, bosi, huyu ni mfanyakazi mwenzetu." Watu walianza kucheka. Yeye hakucheka. Aligeuza shingo mpaka akampata aliyekuwa amejibanza kando ya birika la chai. "Dada, kinyota hiki ni chako. Mwenzake yuko wapi?"

Bi Tanbihi alisimama. Alijua kwamba angeweza kusema ni kosa la uchapaji, na kwamba kwa sehemu ingekuwa kweli. Alimwona Bosi Mdogo akiitazama dari kana kwamba dari ndiyo iliyoulizwa. Aliwaona watu themanini na kitu wakimngoja, na miongoni mwao hakuna aliyekuwa na hofu, na hilo ndilo lililomchoma: walikuwa wanangoja tu kuambiwa.

"Alikuwepo," alisema. "Nilimfuta mimi."

"Alikuwa anasema nini?"

Akaisoma tanbihi kutoka kichwani, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia mbele ya wakaguzi. "Asilimia tisa ni makisio tu. Faida halisi inaweza kuwa zaidi au pungufu, na inaweza kuwa hasara. Kampuni haina wajibu wa kufidia upungufu wowote. Faida ikiwa asilimia nne, kiasi cha mwisho si milioni hamsini na moja, hakifiki thelathini."

Idara ya ukataji ikaketi.

Mama Lebo alitaka kuhakikisha. Ikizaa kumi na mbili je? Ni yako, alijibu Bi Tanbihi. Ikizaa nne? Yako. Ikila hasara?

"Yako pia."

"Na kampuni hapo itakuwa wapi?"

"Kampuni itakuwa imeshatia asilimia kumi yake, imekwenda kulala."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kizuri kwa Bosi Mdogo. Fundi wa tangi la povu, mzee mwenye nyusi zilizokuwa daima na vumbi jeupe, akauliza kuhusu lile tundu lililokuwa likisemwa: likitoka kwenye vitabu linakwenda wapi? Bi Tanbihi alisema la leo haliendi popote, kampuni italiziba kwa awamu, kwa miaka mitano; benki inalipenda hilo kwa sababu linahesabika. Yanayohama ni matundu ya kesho. Aliinama, akakandamiza kona ya godoro la maonyesho, na kona ya pili ikainuka na kumsukuma kijana wa ukataji. Hatari haipungui kwa kubadilisha kitabu inamoandikwa, alisema. Upande wa kampuni ukitulia, ujue kuna aliyeinuliwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye na hakuweza kuiacha nambari upande mmoja, akawaambia na ya upande wa pili: kwamba Ahadi nayo ina nguvu ya kampuni tu, kampuni ikianguka leo mfukoni kuna milioni mia sita na themanini kwa ahadi za mia tisa, na kwamba kijana anayetaka kuhama kazi, kibubu kitamfaa kuliko ahadi.

Mikono ikahesabiwa. Walionyoosha walikuwa kumi na mmoja, karibu wote vijana wa upakiaji.

Bosi Mdogo aliketi juu ya godoro, na godoro, kwa kuwa lilikuwa la ile mashine ya zamani, likamwinamisha upande. Ndipo majadiliano yenyewe yalipoanza, na yalichukua saa mbili na mabirika matatu ya chai. Mama Lebo alibishana kama anavyobishana na wauza uzi. Waliyokwisha kuyachuma yabaki kuwa Ahadi, kwa mshahara wa Desemba hii, na hatari yake ibaki kwa kampuni. Miaka inayokuja iende kwenye vibubu, lakini kampuni itie kumi na mbili, si kumi. Bosi Mdogo alipiga hesabu kwenye simu yake, akafuta, akapiga tena. Tundu la zamani lingebaki vitabuni, na kila Januari Mpiga Ramli angeendelea kuja. Ila halingeongezewa ahadi mpya. Akasema atajaribu kuielewesha benki.

Fundi wa tangi la povu akatoa pendekezo la mwisho. Waliobakiza miaka isiyozidi mitatu wasiguswe, wamalizie kwenye Ahadi. Watu wakaguna kukubali. Ilionekana ni ubinadamu. Bosi Mdogo, aliyekuwa amechoka, akasema sawa, nani anapinga. Ilibaki pumzi moja tu jambo lipite.

"Iandikwe kwenye kumbukumbu," ilisikika sauti ya Bi Tanbihi, "kwamba pendekezo hilo linawanufaisha watu wawili tu, yaani mtoa pendekezo na mimi."

Mama Lebo alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwenzake akimwaga sufuria aliyoipika mwenyewe. Fundi wa tangi la povu alifumba macho. Kisha kijana mmoja wa upakiaji akauliza, kwa heshima zote, kama wazee wawili wanafaidi, hiyo hela inatoka wapi, na pendekezo likafa palepale, bila hata kuhesabiwa mikono.

"Dada yangu," fundi wa tangi la povu alimwambia walipokuwa wakirudisha meza, "siku moja moja uwe unanyamaza."

Makubaliano hayo yakapita kwa mikono sabini na mmoja. Benki, baada ya kusoma vitabu upya, ilikopesha nusu ya kilichoombwa, na Bosi Mdogo akanunua mashine ya povu iliyokwisha kutumika, iliyolia kama mbuzi kila asubuhi lakini ikitoa magodoro yaliyolingana. Kwa Bi Tanbihi hakulipiza kisasi. Alikuja tu mezani pake Jumatatu, akasimama kidogo, akasema mama angeweza kumtonya mapema kuhusu kile kinyota. Bi Tanbihi akajibu kwamba kama yeye mwenyewe angekiona, angekifuta, maana ndivyo alivyoagizwa. Bosi Mdogo alilipima jibu hilo pande zote asijue kama amepewa pole au amepigwa.

Mwezi Januari ikaja fomu ya kibubu. Bi Tanbihi aliifungua nyumbani, Jumapili asubuhi, mumewe akiwa amekaa karibu na dirisha. Hesabu mpya walikuwa nayo: sehemu ishirini na saba kati ya sitini za mshahara wa Desemba, hizo hakuna wa kuzigusa, na miaka mitatu iliyobaki, itakavyojaliwa. Mume alisema ishirini na saba ni nambari nzuri kuliko nyingi alizowahi kuzipata.

Fomu ilimtaka mwanachama achague fedha zake ziwekezwe vipi. Hisa nyingi, nusu kwa nusu, au hatifungani na amana za benki. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ameiandika hatari ya uwekezaji kwa kalamu iliyotulia, mamilioni kwa mamilioni, jioni akaenda nyumbani na kula. Sasa alikuwa na kiasi ambacho hakingenunua hata friji, na kalamu haikujua pa kutua. Kila alipoisogeza kalamu kwenye hisa alisikia zikianguka. Kila alipoisogeza kwenye amana alisikia bei za vitu zikipanda.

Swali la mwisho lilikuwa na visanduku vitatu. Kiwango cha hatari unachoweza kukivumilia: kikubwa, cha wastani, kidogo. Alimgeuzia mumewe karatasi.

Fundi saa aliisoma, akianzia chini, akaisukuma irudi. "Umeolewa miaka thelathini na mtu anayetengeneza saa," alisema. "Weka kikubwa."

"Hicho nimeshakitumia chote," alisema Bi Tanbihi, akatia alama kwenye kidogo.